Karani wa stoo bila shahada: saa moja ya jaribio itakuonyesha nini, na itakuficha nini

*"Mimi na mume wangu tuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Tunatafuta karani wa stoo, wa kupokea mizigo na kufunga hesabu jioni. Aliyeondoka alikuwa na shahada ya biashara, lakini stoo na daftari havikuwahi kuelewana hata mwezi mmoja. Tangazo letu liliomba shahada, uzoefu wa miaka 3 na umri usiozidi 30, na barua 140 zimeshafika. Sasa nataka tuachane na shahada, tuwape watu jaribio la vitendo. Mume wangu anasema tutajaziwa kila mtu, na kwamba cheti cha chuo angalau kinaonyesha mtu ana akili na nidhamu. Tuna pia kijana anayepakua mizigo, ameishia kidato cha nne, anajua kila kitu kilipo kuliko sisi. Natamani nimpe yeye. Jaribio linatengenezwaje, na nitajuaje kama halinidanganyi?"*

Dada yangu, nianze na shemeji, maana hoja yake ina ukweli ndani yake na ukiipuuza itakurudia. Shahada kwenye tangazo lenu ilikuwa inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni ile inayosemwa wazi, kwamba mwenye shahada anaijua kazi. Ya pili haisemwi na mtu, nayo ni kupunguza lundo. Barua 140 zikiwa mezani, kigezo cha shahada kinaweza kuweka nusu yake pembeni kabla chai haijapoa. Ile kazi ya kwanza shahada iliifanya vibaya, umeona mwenyewe. Ya pili iliifanya vizuri mno. Ukiiondoa bila kuweka kitu kingine mlangoni, mtasoma barua 30, mtachoka, na mwisho mtamchukua aliyeandika barua ya kupendeza au aliyeletwa na jirani.

Wakubwa kuliko sisi wamejikwaa hapohapo. Mwaka 2024 Taasisi ya Burning Glass na Shule ya Biashara ya Harvard zilichunguza kampuni za Marekani zilizofuta sharti la shahada kwenye matangazo yao. Walioajiriwa kweli kwa sababu ya mabadiliko hayo hawakufika hata mtu 1 kati ya 700. Tangazo lilikuwa jipya, lakini aliyekaa mezani kuchagua alikuwa yuleyule, na jicho lake lilikwenda kulekule lilikozoea. Kwa hiyo swali lenu hasa ni mtu wenu atapita mlango gani baada ya huo wa shahada kufungwa.

Halafu kuna mambo mawili naona umeyaamua mapema. La kwanza ni la huyo aliyeondoka. Unasema alikuwa na shahada na kazi ikamshinda, kama vile shahada ndiyo iliyomponza. Lakini je, kuna siku yoyote kabla ya kumwajiri mlimpa hati ya mzigo na karatasi ya hesabu mkamwambia "linganisha"? Nadhani hapana. Mlimwajiri bila kumpima, na hilo lingeweza kuwatokea kwa mtu wa darasa la saba pia. Chuoni alisoma mizania na gharama za uzalishaji. Hakuna mhadhara wa kusimama nyuma ya fuso saa 12 asubuhi ukihesabu nondo huku dereva anapiga honi.

La pili ni la kijana wako. Kujua kila kitu kilipo ni jambo zuri, lakini ni kumbukumbu, na karani wa stoo analipwa kwa karatasi na kwa fedha. Nimeona vijana wa namna hiyo wakipanda na kuwa makarani hodari, na nimeona wengine ambao daftari likifunguliwa mbele yao wanaanza kutoka jasho. Huwezi kujua yeye ni yupi kwa kumtazama akipakua. Mpe jaribio lilelile watakalopewa wengine, siku ileile.

Sasa, jaribio la vitendo lina nguvu kiasi gani? Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi. Walitumia kipimo kinachoanzia 0, yaani kubahatisha tu, hadi 1, yaani kubashiri bila kukosea. Jaribio la kumfanyisha mtu kipande cha kazi yenyewe lilipata 0.54, wakati miaka ya shule ilipata 0.10. Namba hizo zimenukuliwa sana na wanaopinga vyeti. Wengi wao huishia hapo. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya hesabu hizo, wakaona nyingi zilikuwa zimepandishwa kupita kiasi. Jaribio la kazi likashuka hadi 0.33, na kilichoongoza kikawa usaili wenye maswali ya kupangwa, yaani kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale na majibu yanapewa alama, kwa 0.42. Uzoefu wa miaka kadhaa, ule mliouomba kwenye tangazo, ulikuwa chini ya 0.10. Mimi nasoma hivi: jaribio ni bora kuliko miaka ya kwenye barua, lakini peke yake halitoshi. Litumie pamoja na usaili uliopangwa, na hata hivyo tegemea kwamba baadhi ya utakaowachagua watakuangusha.

Tuje kwenye kulitengeneza. Usianze kwa kufikiria maswali. Chukua daftari la miezi mitatu iliyopita, kaa na mume wako jioni moja, na kila mahali stoo na daftari vilipotofautiana jiulizeni tofauti ilizaliwa wapi. Sijaona daftari lenu, lakini katika maduka ya aina hiyo niliyopitia, tofauti nyingi huzaliwa sehemu mbili: mzigo unapoingia, na siku inapofungwa. Pima hizo mbili. Acha kumpima mtu historia ya uhasibu au Kiingereza cha barua kama hatavitumia.

Hili la kupima kisichotumika nalisema kwa uchungu kidogo. Miaka ya nyuma nilimtengenezea mteja mmoja, muuza vipuri wa Dar es Salaam, jaribio la saa tatu la Excel. Nilijivunia. Lilikuwa na fomula, jedwali na grafu. Kumbe stoo yake ilikuwa inaendeshwa kwa daftari la kurasa 200 na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Waliofaulu walikuwa hodari wa kompyuta, na mmoja wao aliacha kazi baada ya wiki tano kwa sababu hakuvumilia kuhesabu boliti. Na mama mmoja aliyekuwa na kazi kwingine, ambaye baadaye niligundua alikuwa ndiye mtu tuliyemtafuta, aliondoka katikati kwa kuwa alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo jaribio langu halizidi dakika 60, na vifaa ni vilevile vinavyotumika kazini. Kama kwenu ni daftari, weka daftari.

Nikupe mfano mzima. Badilisha namba uzitakavyo, lakini mitego iache.

Sehemu ya kwanza ni kupokea mzigo, dakika 25. Mwombaji anapewa karatasi tatu. Ya kwanza ni hati ya mzigo kutoka kwa msambazaji: simenti mifuko 300, nondo za milimita 12 tani 2, mabati ya geji 30 vipande 200. Ya pili ni karatasi ya wapakuzi, imeandikwa kwa mkono mchafumchafu kama ilivyo kawaida: simenti 300, mitatu imepasuka, nondo 180, mabati 200. Ya tatu ni kipande kidogo kinachosema nondo moja ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.67. Anaambiwa: jaza daftari la kupokelea, kisha andika utakachofanya kabla dereva hajaondoka.

Mtego uko kwenye nondo. Msambazaji ameandika tani, wapakuzi wamehesabu vipande. Asiyeijua kazi ataandika "nondo 180" upande mmoja na "tani 2" upande wa pili, asione shida, kwa sababu namba mbili zisizo na kipimo kimoja hazigombani. Anayeijua atagawa kilo 2,000 kwa 10.67, apate vipande 187 na kidogo, kisha aseme zimepungua 7. Kikokotoo mpe, hupimi jedwali la kuzidisha, unapima kama anajua kwamba pana kitu cha kukokotoa. Na ile simenti iliyopasuka: ataiandika kama 300, 297, au 297 nzima na 3 iliyopasuka? Jibu la tatu ndilo la karani.

Swali la "kabla dereva hajaondoka" ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ukiweza lifanye kwa mdomo. Mwambie mume wako acheze dereva. Asimame mlangoni na funguo mkononi: "Mama, saini basi, mimi nafika Bukoba leo, hizo nondo mtaongea na bosi kwa simu." Usimsaidie mwombaji. Wengine watasaini kwa aibu. Wengine watagomba tu, sauti juu, lakini mwisho watasaini vilevile. Unayemtaka atasema, kwa upole au kwa ukali sijali, "Subiri kaka, naandika pungufu hapa, na wewe saini chini yake." Ukishasaini hati safi na gari likaondoka, zile nondo 7 ni zako. Mtu aliyewahi kulipishwa hasara ya namna hiyo hahitaji kufundishwa, na hakuna cheti kinachoweza kukuonyesha kama mtu ni wa namna hiyo.

Sehemu ya pili ni kufunga siku, dakika 25 pia. Mpe muhtasari huu: mauzo yote kwa risiti ni shilingi 4,860,000. Kati ya hayo, risiti zilizoandikwa "lipa namba" ni 1,915,000, na za mkopo wa fundi ni 620,000. Asubuhi droo ilianza na chenji ya 150,000. Wapakuzi wamelipwa 80,000 na chakula kimetumia 15,000, vyote kutoka droo. Fedha zilizohesabiwa jioni ni 2,335,000. Mwisho mpe orodha ya miamala ya simu ya siku hiyo, mstari kwa mstari, yenye jumla ya 1,960,000.

Twende pamoja. Toa simu na mkopo kwenye mauzo, fedha taslimu zinatakiwa kuwa 2,325,000. Ongeza chenji ya 150,000, toa matumizi ya 95,000, droo inatakiwa kuwa na 2,380,000. Iliyopo ni 2,335,000. Zimepungua 45,000.

Hapo ndipo watu wanaachana njia. Kundi la kwanza wataishia hapo: "Upungufu 45,000, muuzaji alipe." Hesabu yao ni sahihi, na utamkata mshahara mtu asiye na kosa. Kundi la pili watatazama ile orodha ya simu, waone imezidi risiti za lipa namba kwa 45,000 hiyohiyo, kisha watafute risiti gani ya 45,000 iliandikwa fedha taslimu wakati mteja alilipa kwa simu. Hakuna kilichopotea, kuna risiti iliyowekwa kwenye fungu lisilo lake. Hawa wape alama zote.

Kuna na kundi la tatu, ni wachache, uwatazame kwa makini. Hawa watarekebisha. Watabadilisha chenji ya asubuhi iwe 105,000, au chakula kiwe 60,000, ili karatasi itoke safi. Wakati mwingine mtu anafanya hivyo kwa woga tu, anadhani mtihani unataka namba zilingane. Muulize: "Hii 60,000 umeitoa wapi?" Akikubali kosa haraka, ni woga. Akianza kuitetea, mshukuru, mpe nauli yake, aende.

Sehemu ya tatu ni fupi, dakika 10. Mteja ametuma ujumbe kwamba ameletewa mabati 18 badala ya 20 na anataka kurudishiwa fedha zake leo. Andika jibu. Hapa natafuta mambo mawili tu: ameomba namba ya risiti, na hajaahidi kurudisha fedha kabla ya kuhakiki.

Kuhusu alama: ziandike kabla hujawaona watu. Mimi ningeweka 8 kwa mzigo, 8 kwa kufunga siku, 4 kwa ujumbe, jumla 20, na ningeandika kila alama inapatikana kwa kitu gani. Kwa mfano kwenye mzigo: 2 kwa kubadilisha tani kuwa vipande, 2 kwa kupata pungufu ya 7, 1 kwa simenti iliyopasuka, 3 kwa kumfanya dereva asaini. Kila mwombaji aandike namba badala ya jina. Wewe na mume wako sahihisheni kila mtu peke yake, kwenye karatasi tofauti, bila kuonyeshana. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama 3 kwa mtu mmoja, kaeni muulizane kila mmoja aliona nini. Mara nyingi utakuta mmoja amependa mwandiko.

Kabla ya kumwita mtu wa nje, lijaribuni kwa watu wenu. Mpe muuzaji wenu mzuri, na fanya wewe mwenyewe bila kuchungulia majibu. Kama mtu unayemwamini na kazi anapata 9 kati ya 20, jaribio ndilo limekosea, au maelezo yake hayaeleweki. Kama kila mtu anapata 19, halichuji. Nafasi nzuri ni pale mzoefu anapopata 15 hadi 18 na asiyeijua kazi anakwama chini ya 8. Alama ya kufaulu iwekeni baada ya zoezi hili, msiibuni hewani.

Zile barua 140 sasa. Huwezi kuwapa wote jaribio, na usirudi kwenye shahada kwa mlango wa nyuma. Watumie wote ujumbe mmoja wenye maswali mawili. La kwanza: "Eleza siku ambayo fedha au mzigo ulipungua mikononi mwako. Ulifanya nini, hatua kwa hatua?" La pili liwe kahesabu kadogo ka kubadilisha kipimo. Wape siku mbili. Wengi hawatajibu, hao wamejichuja wenyewe. Wanaojibu, tafuta wenye mambo mahususi: duka la aina gani, kilipungua nini, walimwambia nani. "Mimi ni mwaminifu na mchapakazi" si jibu. Mtu anaweza kusaidiwa kujibu na ndugu yake, ndiyo maana hatua hii haimchagui yeyote, inapunguza tu hadi watu 10 au 12 wa kuwaita dukani. Aliyejifunza kwenye duka la mjomba wake bila mkataba naye apite hapa sawasawa na wengine. Ndiye mtu ambaye sharti la shahada lilikuwa linawanyima.

Na tangazo likirudi, andika kazi yenyewe: utapokea magari kuanzia saa 12 asubuhi, utajaza daftari, utafunga hesabu jioni, utafanya jaribio la saa moja hapa dukani, nauli itarudishwa. Lile la "umri usiozidi 30" liondoe kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo, na sidhani hata mliliweka kwa sababu, limezoeleka tu.

Usidhani pia kwamba jaribio ni la haki kwa sababu tu ni jaribio. Kuna kesi maarufu ya Marekani, ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power. Kampuni hiyo ya North Carolina ilikuwa ikiwaweka wafanyakazi weusi kwenye idara ya kazi za sulubu peke yake. Siku ileile sheria ya kukataza ubaguzi ilipoanza kufanya kazi, Julai 1965, ikaanzisha mitihani ya jumla ya akili na ufundi, juu ya sharti la cheti cha sekondari. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilivikataa vyote viwili, cheti na mitihani, kwa sababu hakuna kilichoonyeshwa kuhusiana na kazi iliyoombwa. Kwenu inamaanisha kitu kidogo cha kila siku: ukiweka karatasi ya Kiingereza kwa kazi inayofanywa kwa Kiswahili, umerudisha ukuta uleule kwa matofali mengine.

Yapo ambayo saa moja haitayaonyesha. La kwanza ni uaminifu wa miezi. Mtu anayejua kufunga hesabu vizuri ndiye pia anayejua kuificha vizuri. Kwa hilo jaribio halina dawa. Piga simu kwa waajiri wake wa zamani, na usiulize "ni mtu mzuri?", maana kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Alikabidhi stoo siku ngapi kabla ya kuondoka, na hesabu ya makabidhiano ilikutwaje?" Ukimya baada ya swali hilo utakusomea mengi. Kisha hakikisha anayepokea mzigo si huyohuyo peke yake anayehesabu stoo mwisho wa mwezi. Hata malaika usimpe vyote viwili.

La pili ni uvumilivu. Hapa ndipo nusu ya hoja ya mume wako inasimama: miaka mitatu ya chuo inaonyesha mtu anaweza kumaliza alichoanza. Lakini miaka mitatu ya kufungua duka la watu kila alfajiri inaonyesha hilohilo. Kwenye usaili uliza kuhusu kitu alichokianza na kukimaliza, chochote kile, na kipe alama kama mlivyotoa kwenye jaribio.

Yale yasiyoonekana kwenye jaribio yatapimwa na kipindi cha majaribio, na hapa nakuomba usimalize kwa kusoma majibu yangu. Sheria ile ya 2004 imejengwa kwa namna kwamba mfanyakazi wa chini ya miezi 6 hana kinga zote za kuachishwa isivyo halali, lakini bado anastahili mkataba wa maandishi, notisi na mshahara wake. Imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, kwa hiyo nenda ofisi ya afisa kazi hapo Mwanza na rasimu ya mkataba mkononi kabla hamjasaini, uulize mambo matatu: urefu wa majaribio, notisi, na mnaruhusiwa nini kuhusu kumkata mtu kwa upungufu wa fedha. Hili la makato ndilo linalopeleka maduka mengi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na msimwite mtu "aje ajaribiwe" siku nne za kupakua na kuuza bila malipo. Jaribio la saa moja kwa karatasi za kubuni ni jaribio. Siku nne za kuhudumia wateja wenu ni kazi, na kazi hulipwa.

Pia kuna nafasi ambazo huu wote hauhusiki. Anayekagua na kusaini hesabu zenu za mwaka lazima awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hata kama karani wenu anahesabu haraka kuliko yeye. Siku mkiajiri dereva wa lori, leseni ya daraja husika kwanza, jaribio baadaye. Mkianza kufanya kazi za kufunga umeme, fundi lazima awe na leseni ya EWURA. Hapo cheti si kisingizio cha kupunguza lundo. Ni ruhusa ya kisheria, kwa sababu kosa lake linaua mtu au linaibia umma.

Nimalizie na kijana wako. Mwambie mapema, siku tatu kabla, kwamba nafasi ipo na atafanya jaribio kama wengine. Mwonyeshe daftari lilivyo, kwa kuwa wa nje wamelizoea kwenye maduka yao na yeye hajawahi kuruhusiwa kulishika. Hiyo si kumpendelea. Akifaulu, mlipe mshahara wa karani, ule mliokuwa mmempangia mwenye shahada. Najua kishawishi kilivyo: "kidato cha nne huyu, tumwongezee kidogo tu atashukuru." Atashukuru miezi mitano. Mwezi wa sita jirani mwenye duka kama lenu atamwita, na ataondoka na kila kitu anachojua. Akishindwa kwa alama chache, mfanye msaidizi wa atakayechaguliwa kwenye kupokea mizigo, mwongeze kitu kwenye malipo kwa jukumu hilo, na mrudieni baada ya mwaka na karatasi mpya. Akishindwa kwa mbali, mwambie mwenyewe, faraghani, alikwama wapi. Asisikie kwa wapakuzi wenzake.

Karatasi za waliofanya zitunzeni kwenye bahasha moja. Baada ya miezi 6, mkihesabu stoo, angalieni tofauti ya kila mwezi imekuwa shilingi ngapi na zilitokea wapi. Kama pungufu bado zinatoka kwenye kupokea mzigo wakati mtu wenu alipata 8 kati ya 8 hapo, basi ama anabanwa na madereva siku ambazo mume wako hayupo, ama kuna gari linaloingia kabla yeye hajafika. Kaulizeni mlinzi wa usiku kwanza.